EOM ikipanda, angalia kwanza hisa ngapi zimeuzwa

Kwa wenzangu mnaofuatilia hisa za soko la Kampala: EOM, yaani Ease of Movement au urahisi wa bei kusogea, kipimo alichobuni Richard Arms, kinauliza bei imesogea kiasi gani kwa nguvu kiasi gani. Chukua katikati ya bei ya juu na ya chini ya leo, toa ya jana, zidisha kwa tofauti ya juu na chini ya leo, kisha gawanya kwa idadi ya hisa zilizouzwa.

Tuseme jana hisa ilicheza kati ya shilingi 198 na 202, leo kati ya 200 na 210. Katikati imepanda kutoka 200 hadi 205. Basi 5 × 10 ni 50. Zikiuzwa hisa elfu 100, ukihesabu kwa maelfu, unapata 0.5. Zikiuzwa milioni moja, ni 0.05 tu, ingawa bei ni zilezile.

Kwa hiyo namba kubwa haisemi wanunuzi wamejaa. Inasema bei imepanda bila kusukumwa sana, pengine kwa sababu wauzaji hawakuwepo. Kwenye soko jembamba kama letu, oda moja ndogo yatosha kuleta namba hiyo, ndiyo maana wengi hutumia wastani wa siku 14.

Kuna mtego mwingine: siku hisa zote zikiuzwa kwa bei moja, tofauti ni sifuri na EOM husoma sifuri, hata kama bei imeruka kutoka jana.