Kabla hujaanza kutafuta nishati ya latisi ya MgCl₂, kagua haya kwanza

Watu wengi wakipewa swali la mzunguko wa Born-Haber wanakimbilia kalkuleta, afu jibu linatoka baya na hawajui wameharibu wapi. Shida mara nyingi siyo hesabu, maana hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa tu, shida ni vitu ambavyo ulitakiwa uviangalie kabla. Natumia MgCl₂ makusudi, kwa sababu NaCl inakusamehe sana, kila kitu pale ni kimoja kimoja hata ukisahau kuhesabu unapata.

La kwanza kabisa, jua swali lako linaitaka nishati ya latisi kwa upande gani. Kuna vitabu vinasema ni nishati inayotoka ioni za gesi zikikusanyika kuwa fuwele, hapo jibu ni hasi, na vingine vinasema ni nishati ya kuivunja fuwele iwe ioni za gesi, hapo ni chanya. Namba ni ileile, alama ndo inageuka. Mi hapa natumia ile ya kukusanyika, kwa hiyo nategemea hasi, na wewe amua moja uiandike juu ya karatasi kabla ya chochote.

La pili, kabla ya kupiga hesabu jipatie makadirio. Hapa ndo chaji na ukubwa wa ioni vinapoingia, na watu huvisoma kama maelezo ya kukariri wakati ni silaha ya kukagua jibu. Nishati ya mvuto kati ya ioni mbili inategemea chaji zikizidishwa, ukigawanya kwa umbali kati ya vitovu vyao. NaCl latisi yake ni −786 kJ/mol hivi, chaji ni 1 mara 1, na umbali ni rediasi ya Na⁺ pikomita 102 jumlisha ya Cl⁻ 181, jumla 283. Kwenye MgCl₂ chaji ni 2 mara 1, na Mg²⁺ ni ndogo, pikomita 72, kwa hiyo umbali unashuka hadi 253. Sasa angalia: chaji imeongeza mvuto mara 2, lakini kusogeleana kumeongeza mara 1.12 tu. Yaani chaji inapiga kelele na ukubwa unanong'ona, japo wote wanavuta upande mmoja. Bado kuna kitu kimoja cha kuongeza, kila fomula ya MgCl₂ ina ioni 3 na NaCl ina 2, kwa hiyo zidisha tena kwa 1.5. Ukiweka pamoja unapata kama mara 3.4 ya NaCl, yaani mahali fulani karibu na −2600. Ni makadirio ya kibabe, ila yanatosha kukuambia kwamba jibu la −1071 ni uongo hata kabla hujatafuta kosa.

La tatu, andika kila hatua na hali ya kitu, mango au gesi, na idadi ya moli. Usiandike namba tupu. Tunaanza na magnesiamu mango na gesi ya klorini, tunataka kufika kwenye ioni za gesi. Magnesiamu kuwa atomu za gesi inakula 148. Kung'oa elektroni ya kwanza ni 738, ya pili ni 1451. Elektroni ya pili ni ghali kuliko ya kwanza kwa sababu unaitoa kwenye kitu ambacho tayari kina chaji chanya, kwa hiyo usije ukachukua 738 ukazidisha kwa 2, hiyo nimeiona mara nyingi mno. Afu klorini: kuvunja bondi ya moli 1 ya Cl₂ ni 242 na inatoa atomu 2, ambazo ndo tunazozihitaji zote. Hapa kuna mtego, kama jedwali lako limetoa enthalpi ya kupata moli 1 ya atomu za Cl, utaona 121, basi hiyo ndo unazidisha kwa 2, lakini ukiona 242 usiiguse. Mwisho kila atomu ya klorini inapokea elektroni na kutoa 349, ni atomu 2, kwa hiyo −698.

Upande wa pili wa mzunguko ni enthalpi ya uundaji ya MgCl₂ moja kwa moja kutoka elementi, −641. Kanuni ya Hess inasema njia zote mbili zinafika sehemu moja, hivyo, L ikiwa ndo nishati ya latisi tunayoitafuta:

```
-641 = 148 + 738 + 1451 + 242 - 698 + L
-641 = 1881 + L
L = -2522 kJ/mol
```

Linganisha na ile 2600 tuliyokisia. Imekaa vizuri.

Sasa uzuri wa swali hili ni kwamba kila kosa linaacha alama yake, ukilijua jibu lako bovu unajua na ugonjwa. Ukipata −1071 umesahau elektroni ya pili. Ukipata −1809 umeizidisha ile ya kwanza kwa 2. Ukipata −2871 umempa elektroni klorini mmoja tu. Ukipata −2401 umevunja nusu ya bondi, umekopi mazoea ya NaCl. Na ukiona −3918 umeiweka ile 698 kama chanya. Ona mawili ya katikati, −2871 na −2401, makadirio yetu hayawezi kuyakataa kwa uhakika, kwa hiyo kwa hayo tegemeo lako ni kuhesabu moli tu.

Kuna swali linalofuata hapa na watu hulipita, kwa nini magnesiamu isitoe elektroni moja tu ikawa MgCl, ikajiepushia gharama ya 1451? Jaribu. Chukulia latisi yake iwe kama ya NaCl, −786, maana chaji ni zilezile. Jumla inatoka 148 + 738 + 121 − 349 − 786 = −128. Ni hasi, kwa hiyo MgCl haikatazwi na uundaji wake! Ila moli 2 za MgCl zikigeuka kuwa Mg na MgCl₂ zinaachia tena 385, basi haikai. Ile 1451 ilikuwa ghali lakini latisi ya chaji 2 imeilipa na chenji ikabaki. Kwa Mg³⁺ hadithi inaisha, elektroni ya tatu inatoka ganda la ndani na inadai 7733, hakuna latisi ya kloraidi inayoweza kulipa deni hilo.

Ukubwa wenyewe unauona vizuri ukishikilia chaji isibadilike. NaF ni kama −920, NaI ni kama −705, chaji zote 1, kilichobadilika ni iodaidi kuwa pikomita 220 wakati floraidi ni 133.

Jambo la mwisho la kuangalia, mzunguko unatoa namba ya kweli ya vipimo, makadirio ya chaji na umbali yanadhania ioni ni mipira migumu. Kwa NaCl vinakubaliana vizuri. Kwa MgI₂ au AgI namba ya mzunguko inakuwa kubwa kuliko ya mipira, kwa sababu ioni ya iodaidi ni kubwa na laini, wingu lake la elektroni linavutwa kuelekea ioni chanya na bondi inapata tabia ya kushirikiana elektroni. Kwa hiyo tofauti hiyo ukiiona kwa iodaidi usirudi kufuta hesabu yako.