Mabomba Mawili, Tangi Moja: Jinsi ya Kuunda Mlinganyo Wenye Sehemu na Kuutatua

Hapa Nakuru ni jambo la kawaida kukuta ploti ya nyumba za kupanga yenye tangi moja linalojazwa na mabomba mawili, moja likitoka kwenye pampu ya kisima na jingine likileta maji ya mji, ambayo huja kwa zamu. Tuchukue ploti ya namna hiyo mtaani Lanet, yenye tangi la lita 6,000. Bomba la mji likiachwa peke yake hulijaza tangi kwa muda unaozidi ule wa bomba la kisima kwa saa 5, na mabomba yote mawili yakifunguliwa pamoja, tangi tupu hujaa kwa saa 6. Swali ni hili: kila bomba peke yake lingechukua saa ngapi? Msomaji makini atauliza mtu aliijuaje tofauti ya saa 5 bila kujua muda wenyewe, na ana haki ya kuuliza. Watungaji wa mitihani wana mazoea yao.

Hatua ya kwanza: acha muda, shika kasi

Wanafunzi wengi huanza kwa kujumlisha saa, au kwa kutafuta wastani wake, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Muda wa bomba moja haujumlishwi na muda wa bomba jingine, kwa sababu mabomba yakisaidiana muda hupungua badala ya kuongezeka. Kinachojumlishwa ni kazi inayofanyika katika saa moja. Tuseme bomba la kisima hulijaza tangi kwa saa x. Basi katika saa moja hujaza sehemu 1/x ya tangi. Bomba la mji huchukua saa x + 5, kwa hiyo katika saa moja hujaza sehemu 1/(x + 5). Yakiwa pamoja humaliza kwa saa 6, maana yake katika saa moja hujaza sehemu 1/6. Mlinganyo wenyewe ni huu:

```
1/x + 1/(x + 5) = 1/6
```

Tazama kwamba zile lita 6,000 hazijaonekana popote. Tangi lote tumelihesabu kuwa kitu kimoja kizima, na ukubwa wake tutauhitaji baadaye tu, tutakapokwenda kupima.

Hatua ya pili: kadiria kabla ya kutatua

Hatua hii hurukwa sana, ingawa haichukui hata dakika moja. Lau mabomba yote mawili yangekuwa na kasi ya lile la kisima, ambalo ndilo la haraka, tangi lingejaa kwa nusu ya x. Kwa kuwa mwenzake ni mzito kuliko yeye, zile saa 6 lazima zizidi nusu ya x, kwa hiyo x ni chini ya 12. Vivyo hivyo, lau yote mawili yangekuwa mazito kama lile la mji, yangechukua nusu ya x + 5, na nusu hiyo lazima izidi 6. Kwa hiyo x ni zaidi ya 7. Sasa tunajua kwamba jibu liko kati ya 7 na 12, na jibu lolote la nje ya hapo ni dalili kwamba kuna mahali tumeteleza.

Hatua ya tatu: ondoa sehemu

Herufi x iko katika asili, yaani chini ya mstari wa sehemu, na asili haiwezi kuwa sifuri. Kwa hiyo andika pembeni kwamba x si 0 wala -5. Kisha tafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili zote tatu, ambacho ni 6x(x + 5), na uzidishe kila kipande kwa hicho, pamoja na kile cha upande wa kulia, ambacho ndicho husahaulika.

```
6(x + 5) + 6x = x(x + 5)
12x + 30 = x² + 5x
x² - 7x - 30 = 0
(x - 10)(x + 3) = 0
```

Tumepata x = 10 au x = -3. Namba 10 iko ndani ya makadirio yetu. Bomba la kisima huchukua saa 10, la mji saa 15, na 1/10 + 1/15 ni 5/30, yaani 1/6.

Hatua ya nne: usiitupe -3 kabla ya kuihoji

Kwa kawaida mwanafunzi huikata -3 kwa kalamu na kuandika kwamba muda hauwezi kuwa hasi. Ni sawa, lakini wengine hueleza kwamba namba hiyo ni jibu bandia lililozaliwa tulipozidisha kwa kigawe cha shirika, na maelezo hayo si kweli. Jibu la namna hiyo ni lile linaloifanya asili mojawapo kuwa sifuri, na kwetu sisi lingekuwa 0 au -5. Hebu weka -3 katika mlinganyo wa mwanzo:

```
1/(-3) + 1/2 = -2/6 + 3/6 = 1/6
```

Mlinganyo umekubali. Kilichokataa ni ploti ya Lanet, si aljebra. Tena namba hiyo ina maana yake: kasi hasi ni kasi ya kutoa maji, kwa hiyo -3 inaeleza tangi jingine kabisa, ambalo bomba moja hulijaza kwa saa 2 huku jingine likilikausha kwa saa 3, na mwishowe hujaa kwa saa zile zile 6. Mlinganyo haujui kama bomba linaingiza au linatoa. Sisi ndio tunaojua.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Wapangaji wakiwa wanateka maji wakati tangi linajazwa, na matumizi yao peke yake yangelimaliza tangi lililojaa kwa saa 12, unatoa 1/12 kutoka 1/6, inabaki 1/12, na tangi sasa hujaa kwa saa 12 badala ya 6.

Hatua ya tano: pima kwa mtungi

Sasa zile lita 6,000 zinarudi kazini. Saa 10 ni sawa na lita 600 kwa saa, yaani lita 10 kwa dakika, kwa hiyo bomba la kisima linapaswa kujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika 2. Bomba la mji hutoa lita 400 kwa saa, na mtungi huo huo litaujaza kwa dakika 3. Kinga mtungi pale bomba linapoingilia tangini, wala si kwenye mfereji wa uani, kwa kuwa maji yanayopanda juu hadi tangini hupungua kasi.

Ukipata dakika tofauti, chunguza kama kasi zinajumlishika kweli. Hesabu yetu inadai kwamba bomba moja halimpunguzii mwenzake. Kisima na maji ya mji vina vyanzo tofauti, kwa hiyo dai hilo linasimama. Lakini mabomba mawili yaliyotolewa kwenye bomba kuu moja hugawana msukumo, na ukifungua la pili, la kwanza hulegea. Katika hali hiyo yapime yote mawili yakiwa wazi kwa pamoja. Boya nalo huleta tofauti: maji yakikaribia ukingo, boya huinuka na kuanza kuziba mlango, hivyo lita za mwisho huingia polepole kuliko mlinganyo unavyosema. Kwa hiyo saa 6 zihesabu kuwa ni muda wa kufika pale boya linapoanza kuinuka.