Kabla ya kuongeza mtaji kwenye hisa: pima kwanza mporomoko

Dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinionyesha daftari lake la hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. "Kaka, nilianza na milioni 5, sasa ni milioni 7.5. Niongeze 10?" Mchoro aliouchora kwenye simu ulishuka mara moja tu, kutoka milioni 6 hadi 5.1, yaani asilimia 15, kisha ukapanda moja kwa moja. Nikamuuliza kama kuna pesa aliyoingiza katikati. Ilikuwepo, milioni 1.5, tena aliiweka mara tu baada ya ule mshuko.

Hatua ya 1: Andika thamani ya kweli. Kila Ijumaa jumlisha pesa taslimu iliyo kwa dalali na hisa zote ulizonazo kwa bei ya kufunga soko, hata zile ambazo hujauza. Wengi husema hujapata hasara mpaka uuze, na kwa hesabu hiyo mporomoko hauonekani kamwe. Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila kuuzwa, bei yake inabaki ileile, na mstari wako unaonekana umetulia kumbe hakuna aliyeuliza. Kwa hisa za namna hiyo mimi hutumia bei ambayo mnunuzi ameweka leo, hata kama inauma.

Hatua ya 2: Ondoa pesa ulizoongeza. Hapa ndipo daftari la dada lilipompotosha. Fungua jedwali: safu B ni thamani, C ni pesa iliyoingia baada ya kipimo kilichotangulia. Iliyotoka iandike kwa alama ya kutoa, na gawio lililolipwa nje ya akaunti ni pesa iliyotoka. Safu D ni faharasa inayoanzia 100, yaani mwenendo wa hisa zenyewe bila pesa ulizoongeza, E ni kilele cha juu kilichowahi kufikiwa, F ni umbali wa kushuka kutoka kileleni, na G2 ni mporomoko mkubwa kuliko yote.

```
D2: 100
D3: =D2*B3/(B2+C3)
E2: =MAX(D$2:D2)
F2: =D2/E2-1
G2: =MIN(F:F)
```

Vuta D3, E2 na F2 kwenda chini mpaka mwisho. Hii ni mistari mitano niliyoitoa kwenye rekodi yake, thamani na nyongeza zikiwa kwa milioni:

```
     B      C     D
2    5.00   0     100
3    6.00   0     120
4    5.10   0     102
5    5.94   1.5   91.8
6    7.50   0     115.9
```

Tazama mstari wa 5. Daftari lilionyesha amepanda kutoka 5.1 hadi 5.94. Ukweli ni kwamba milioni 6.6 ziligeuka 5.94, hasara nyingine ya asilimia 10 juu ya ile ya kwanza. Kutoka 120 hadi 91.8 ni mporomoko wa asilimia 23.5. Na ile 7.5 aliyodhani ni kilele kipya, faharasa yake ni 115.9, bado chini ya 120.

Hatua ya 3: Soma mstari wenyewe. Chora safu D, usichore B. Hesabu wiki ulizokaa chini ya kilele, kisha angalia faida ilitoka wapi. Kwake, sehemu kubwa ya kupanda hadi 120 ilitokana na hisa moja ya benki. Ukiiondoa hiyo na mstari ukalala, ulichonacho ni bahati ya hisa moja, na bado hujapima mbinu yako ya kuchagua hisa. Kumbuka pia kwamba kipimo cha Ijumaa hakioni Jumatano, kwa hiyo mporomoko halisi huenda ulikuwa mkubwa kuliko ulioandikwa.

Hatua ya 4: Geuza asilimia kuwa shilingi. Rekodi fupi haijaona siku mbaya zote, ndiyo maana mimi huzidisha mporomoko mara mbili. Hiyo ni tahadhari yangu, si kanuni ya hesabu. Kwake inakuwa asilimia 47. Nikamuuliza ni kiasi gani kinaweza kupotea bila kugusa ada za watoto na mzigo wa dukani. Akafikiri sana, akasema milioni 3.

Gawanya 3 kwa 0.47: unapata takribani milioni 6.4. Huo ndio mtaji wa juu kabisa ambao mbinu hii inastahili kwake, na tayari ana 7.5. Angeongeza 10, mtaji ungefika 17.5 na mporomoko huo ungemla zaidi ya milioni 8. Tena kwenye hisa zisizo na wanunuzi wengi, oda kubwa ya kuuza ingeshusha bei yeye mwenyewe akiwa bado anauza.

Hakuongeza. Alipunguza milioni 1.1, akaiandika kwenye safu C kwa alama ya kutoa, na anaendelea kujaza jedwali kila Ijumaa. Tumekubaliana kuzungumzia tena nyongeza faharasa ikivuka 120, na hata hapo swali la kwanza litakuwa kama ile milioni 3 imebadilika.