Somo: mpira uliopigwa kwa pembe, unakaa hewani muda gani na unatua wapi

Kila karibu na mtihani naulizwa swali hili hili, basi leo naliandika hapa.

Mpira unapigwa kutoka mchangani, ufuoni Malindi, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, ukipanda kwa pembe ya nyuzi 30. g ni 10. Upepo tunauacha, ingawa kusi ikivuma hapa mpira hautui pale hesabu inaposema.

1. Chora mshale wa kasi, uandike pembe.

2. Igawe kasi. Mlalo: 20 cos 30 = 17.3. Wima: 20 sin 30 = 10.

3. Tafuta muda. Hapa ndipo nilipoanguka nikiwa mwanafunzi. Nilichukua ile 20 nzima nikagawanya kwa g, nikapata sekunde 2 za kupanda na 2 za kushuka, jumla 4. Kumbe sekunde 4 ni za mpira uliorushwa wima moja kwa moja juu. Uliolala kwa nyuzi 30 hauwezi kukaa hewani muda huo. Mvutano wa dunia unaipunguza kasi ya wima peke yake. Kwa hiyo ni 10 ÷ 10, sekunde 1 hadi kileleni. Na usiishie hapo: kushuka nako kuna sekunde 1. Jumla 2.

4. Umbali: 17.3 × 2 = mita 34.6. Kasi ya mlalo haibadiliki njiani, hivyo ni kuzidisha tu.

Hakiki jibu: kwa kasi hii, umbali mkubwa kabisa ni u²/g, yaani mita 40, kwa nyuzi 45. Kosa langu lilinipa mita 69. Ukizidi 40, rudi hatua ya 3.

Kijana wa Maweni: Mwalimu, nimepata muda hasi. Fomula yako si sahihi.

Fomula ni sahihi. Tazama kikokotoo chako, kiko RAD. Kiweke DEG.

Kijana wa Maweni: Kwa hiyo muda ni sekunde 1?

Soma hatua ya 3 yote.

Binti Shela: Shikamoo mwalimu. Je, mtu akirusha kwa kasi na pembe hiyo hiyo akiwa juu ya mnazi, mita 15 kutoka chini?

Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Hapo kuzidisha muda wa kileleni kwa mbili hakufai, kwa sababu kushuka ni kurefu kuliko kupanda. Juu iwe chanya, chini hasi:

```
-15 = 10t - 5t²
t² - 2t - 3 = 0
t = 3 au -1
```

Chukua 3. Umbali ni 17.3 × 3, karibu mita 52. Ile mita 40 ya kuhakiki ni ya kutua usawa ule ule ulioanzia, hapa usiitumie.

Binti Shela: Nimejaribu nyuzi 60 kutoka chini, nimepata 34.6 tena!

Ndivyo. Pembe mbili zikijumlika 90, umbali ni mmoja. Ila wa 60 unakaa hewani sekunde 3.46.