Make au do: jinsi ya kuacha kuandika "do a mistake"

Juzi nilikaa na mpwa wangu jioni nzima tukipitia sentensi zake fupi za Kiingereza. Mbili zilitung'ang'ania: "I did a mistake" na "I made my homework". Nilipomuuliza amezipataje, akasema, "Mjomba, make ni kutengeneza, do ni kufanya. Kosa unalifanya, hulitengenezi." Aliposahihishwa "did a mistake", akaogopa do, akaanza kuandika make kila mahali. Ndivyo homework nayo ilivyoharibika.

Hatua ya 1: Iache kanuni ya kutengeneza

Kanuni hiyo inafaa kwa chai na viti tu. Kwetu kutengeneza ni pia kurekebisha kilichoharibika: ukitengeneza redio, mara nyingi umeirudisha kwenye hali yake. Kwa hiyo mwanafunzi akisoma "make a mistake" kwa jicho la kutengeneza, anaona kama kosa linarekebishwa, na mkono wake unakataa kuiandika. Kufanya nako hakumsaidii, maana tunafanya kazi, tunafanya kosa na tunafanya uamuzi kwa kitenzi kimoja.

Hatua ya 2: Uliza kama kitu kilikuwapo

Kabla hujaanza, kitu hicho kilikuwapo kikikusubiri? Kama kilikuwapo, tumia do. Kama kimezaliwa kwa tendo lako, tumia make.

Homework ulipewa, ilikuwa inakungoja: "I do my homework." Vyombo vichafu vipo: "She does the dishes." Kosa halikuwapo mpaka ulipokosea: "I made a mistake." Uamuzi, ahadi na kelele ni vivyo hivyo: "We made a decision", "He made a promise", "They make noise." Ona kwamba Kiswahili hutoa ahadi, hupiga kelele na hupiga simu, lakini Kiingereza huviweka vyote kwenye make: "I made a call." Usitafute kitenzi kwa kutafsiri, tazama nomino.

Hatua ya 3: Do iliyo mbele si ile do

Hapa ndipo tulipopoteza zaidi ya saa moja, na mimi mwenyewe nilikwama hapa nilipokuwa shuleni.

Mpwa wangu alikuwa ameshika kwamba kosa linakwenda na make. Nikamwambia akanushe "I made a mistake". Akaandika "I didn't a mistake." Alipoiona did, akadhani kitenzi kimeshapatikana. Kumbe hiyo did ni kitenzi kisaidizi: kazi yake ni kubeba ukanushi na wakati uliopita, basi. Make lazima ibaki: "I didn't make a mistake." Na kwa kuwa did imeshaubeba wakati uliopita, make hairudi kuwa made. "I didn't made" ni kosa.

Swali ni hivyo hivyo: "Did you make a mistake?" Upande wa homework do zitakuwa mbili, na zote zina haki ya kukaa: "Did you do your homework?" "I didn't do my homework." Wengi hufuta moja wakidhani wamerudia neno. Usiifute.

Njia ninayoiamini: ziba kwa kidole did, don't au does iliyo mbele, kisha soma kilichobaki. "You make a mistake." "You do your homework." Kilichobaki kikikosa kitenzi, umekula neno.

Kuna mtego mwingine. Done si kitenzi cha tatu, ni do ile ile. Aliyezoea kusema "nimefanya makosa matatu" huandika "I have done three mistakes". Iwe "I have made three mistakes."

Hatua ya 4: Yanayokaidi

Swali la hatua ya 2 halifiki kila mahali. Kitanda kipo, lakini kukitandika ni "make the bed". Madhara hayakuwapo, lakini ni "do harm" na "do damage". Hisani ni "do me a favour". Haya yakariri. Usiyatungie kanuni, itakuvurugia ile moja inayofanya kazi.

Hatua ya 5: Daftari

Tumia daftari la karatasi, kurasa mbili zinazotazamana: make kushoto, do kulia. Andika sentensi nzima, kamwe usiandike neno pekee, kwa sababu orodha ya maneno huificha a. Ni "make a decision" na "make an effort", lakini "make progress" haina a, na homework haina a wala s ya wingi.

Chini ya kila sentensi andika ukanushi wake na swali lake. Ukurasa wa mpwa wangu ulianza hivi: "I made a promise. I didn't make a promise. Did you make a promise?" Upande wa pili: "I did the exercise. I didn't do the exercise. Did you do the exercise?" Alipofika sentensi ya nne, hakuzibaziba tena kwa kidole.