Kete tisa: anza kwenye njia panda, si kwenye pembe

Kwenye mchezo wa kete tisa, ule wa miraba mitatu iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, weka kete zako za kwanza katikati ya pande za mraba wa kati. Ubao una vituo 24, lakini ni hivyo vinne tu vyenye njia nne za kutokea. Pembe zote 12 zina njia mbili tu. Kete yako ikikaa pembeni, kete mbili za mpinzani zinatosha kuifunga. Ikikaa njia panda, zinahitajika nne. Na asiye na pa kusogea ameshindwa, hata kama bado ana kete zake zote.

Kuna wakati kanuni hii huachwa: mpinzani akishapanga mbili kwenye mstari na kituo cha tatu ki wazi, zuia hapo hapo, hata kama ni pembeni. Akifunga mstari wa kete tatu anakula kete yako moja.

Kumfunga nako kunafaa hadi abaki na kete nne. Akibaki na tatu anaanza kuruka popote palipo wazi, hafungiki tena. Kwa hiyo kabla ya kula ile itakayombakisha na tatu, andaa mistari miwili inayosubiri kete moja moja, kwa sababu kwa mruko mmoja ataziba mmoja tu. Na ukichagua ya kula, vunja jozi yake yoyote yenye kituo cha tatu wazi, la sivyo ataruka na kuikamilisha kabla yako.