Jinsi ya kuandika tangazo la projekta iliyotumika, mnunuzi asije akairudisha

Mwaka juzi nilimuuzia jamaa mmoja wa kibanda umiza projekta ya Epson EB-X05. Niliandika "lumeni 3300, picha kali, inafaa ukumbi". Baada ya siku mbili akanipigia kuwa picha ni kivuli, mpira hauonekani. Nikaenda. Kumbe kibanda kina urefu wa mita 8 na yeye kaitundika nyuma kabisa, juu ya mlango, kama alivyoona kwenye kumbi za sinema. Picha ilikuwa imepita kingo za shuka kushoto na kulia, na mabati yake yanapitisha mwanga kila upande. Projekta haikuwa na kosa. Tangazo langu ndilo lililokuwa bovu, maana neno "ukumbi" halimwambii mtu aiweke wapi wala picha iwe kubwa kiasi gani.

Tangu siku ile naandika kwa mpangilio huu. Natumia EB-X05 hiyohiyo kama mfano kwa sababu ziko nyingi sokoni, lakini njia ni ileile kwa projekta yoyote ya taa.

Hatua ya 1: Anza na saa za taa

Watu wengi huanza na mwangaza kwa kuwa ndiyo namba inayovutia. Mimi naanza na saa, kwa sababu bila saa namba ya mwangaza ni ya siku projekta ilipotoka kiwandani.

Washa, iache ipate joto dakika kumi, kisha bonyeza Menu kwenye rimoti, nenda Info, tafuta Lamp Hours. Piga picha ya skrini hiyo. Picha moja ya ukutani inayoonyesha 2140H inamaliza maswali kumi ya inboksi. Kwenye menyu hiyohiyo kuna Serial Number. Ikionekana kwenye picha, ifiche kabla ya kuipandisha.

Taa ya EB-X05, ambayo jina lake ni ELPLP96, imeandikiwa saa 6,000 kwa matumizi ya kawaida na 10,000 ikiwa kwenye ECO. Wauzaji hupenda kuandika ile 10,000 peke yake. Usifanye hivyo, kwani ECO inapunguza mwangaza, na mteja anayetaka kuonyesha mchana hataitumia. Tena saa 6,000 si siku ya taa kufa. Ni makadirio ya muda ambao taa inakuwa imebaki na nusu ya mwanga wake. Kuna taa hupasuka mapema na nyingine huvuka.

Saa hizi mtu anaweza kuzirudisha sifuri kwenye menyu ya Reset, na ndivyo inavyotakiwa ukibadilisha taa. Kwa hiyo kama uliinunua mkononi na inasoma saa 50, usiandike "taa mpya" hadi ujiridhishe. Fungua kichujio cha hewa. Kikiwa kimeziba vumbi kama sufi, na picha nyeupe inaelekea umanjano, hizo saa 50 huenda ni za kuchezewa. Andika tu "menyu inasoma 50, sijui historia ya taa". Mnunuzi anayejua vitu atakuheshimu zaidi.

Hatua ya 2: Mwangaza, wa kiwandani na wa leo

Kiwandani EB-X05 ni lumeni 3300. Iandike hivyo, lakini usiishie hapo. Taa yenye saa 2,140 kati ya 6,000 iko mahali fulani kati ya mwanga kamili na nusu. Mimi huchukua theluthi mbili, yaani lumeni 2200. Ni makadirio, si kipimo, na nasema hivyo kwenye tangazo. Nikikosea, bora mteja akute imezidi.

Kama unauza zile projekta ndogo za LED zenye ukubwa wa mkate, namba ya kwenye boksi isikudanganye. Kifaa kinachoandikwa lumeni 9000 mara nyingi hakifikii hata mia chache kikipimwa kwa utaratibu wa ANSI. Kama boksi halina neno ANSI wala ISO, usiinakili namba hiyo. Andika "picha inaonekana vizuri gizani, upana wa mita moja na nusu" au chochote ulichokiona kwa macho yako.

Hatua ya 3: Vidoti halisi

Hapa kuna mtego ambao ulinikamata hata mimi. Kwenye Info ya Epson kuna mstari umeandikwa Resolution. Ukichomeka kompyuta unaweza ukasoma 1920x1080 hapo, ukafurahi, ukaandika "Full HD". Mstari ule unaonyesha mawimbi yanayoingia kutoka kwenye kompyuta, si vidoti vinavyounda picha ya projekta yenyewe. EB-X05 ina vidoti 1024 kwa 768, basi. Ikipokea 1080 inaibana. Ndiyo maana ya yale maneno "1080P supported" kwenye maboksi: inapokea, haionyeshi.

Njia ya kuhakikisha ni kuchomeka laptopu, kuipangia 1024x768, na kufungua jedwali lenye maandishi madogo. Vidoti vikilingana, herufi zinakaa kavu. Panga namba nyingine na kingo za herufi zinakuwa na ukungu.

Mwambie mteja pia umbo la picha. Hii ni 4 kwa 3, nzuri kwa darasa na mahubiri. Mpira na filamu ni 16 kwa 9, kwa hiyo juu na chini patabaki mistari myeusi.

Hatua ya 4: Matundu, yaliyojaribiwa

Geuza projekta, piga picha ya nyuma kwa karibu hadi majina yasomeke. Kisha chomeka kila tundu kwa zamu. EB-X05 ina HDMI moja, VGA moja, video ya njano, sauti nyekundu na nyeupe, USB pana na USB ya mraba. Andika lipi umelijaribu na kifaa gani: "HDMI imejaribiwa na laptopu na king'amuzi". Tundu la HDMI lililolegea ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye projekta za mkononi: ukigusa waya picha inapotea. Utikise kidogo wakati wa kujaribu.

USB pana huzua ugomvi, kwa sababu mteja huchukulia kuwa ataweka flashi acheze filamu, kumbe kwenye projekta nyingi za ofisini si kazi yake. Kama hujaiona ikicheza, andika kuwa hujaiona. Na sauti: spika ya ndani ni ndogo sana, kwa hiyo mwenye kibanda mwambie atoe sauti kwenye king'amuzi moja kwa moja kwenda kwenye redio.

Hatua ya 5: Chumba

Hii ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna anayeiandika, na ndiyo mnunuzi anayoihitaji.

Kwanza umbali. EB-X05 inahitaji umbali wa mara 1.48 hadi 1.77 ya upana wa picha, kutegemea umezungusha zoom kiasi gani. Picha ya upana wa mita 2 inataka lenzi iwe mita 3 hadi 3.5 kutoka ukutani. Chukua futikamba, uhakikishe kwa projekta yako. Sasa rudi kwa yule jamaa: mita 8 ukigawa kwa 1.77 ni picha ya upana wa mita 4.5, na hapo zoom imeshafika mwisho. Hakuna namna ya kuifanya ndogo zaidi isipokuwa kusogeza projekta mbele.

Pili mwanga. Gawa lumeni za leo kwa eneo la picha. Mita 2 kwa 1.5 ni mita za mraba 3. 2200 ukigawa kwa 3 ni kama laksi 730, yaani lumeni 730 kwa kila mita ya mraba. Picha ya jamaa ilikuwa 4.5 kwa 3.4, zaidi ya mita za mraba 15, hivyo kwa lumeni hizohizo 2200 angebaki na laksi kama 145 tu. Taa ni ileile, lumeni zilezile, ila zimetandazwa mara tano.

Laksi 730 zinatosha? Inategemea mwanga mwingine unaogonga ukuta huo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mwanga wa projekta uwe walau mara saba ya ule uliopo chumbani, ili maandishi yasomeke bila kukunja macho. Simu nyingi zinaweza kupima laksi kwa programu ndogo, kwa makadirio. Iweke kwenye ukuta, uso wake uangalie chumba, projekta ikiwa imezimwa. Sebuleni kwangu saa nane mchana, pazia wazi, nilisoma 190. Projekta haikuwa hata mara nne ya hapo, na picha ikapauka kweli. Nilipofunga pazia ikawa 35, mara ishirini. Picha ikasimama. Kwa hiyo naandika: upana wa mita 2, mwanga ukutani usizidi laksi 100. Kwa lugha ya kila siku, taa za mbele zimezimwa na pazia limefungwa.

Tatu, mtu wa mwisho anakaa wapi. Kwa maandishi, asizidi mara sita ya kimo cha picha. Kimo cha mita 1.5 kinafika mita 9. Hapo ndipo ukubwa wa chumba unapopatikana, na tazama kwamba projekta yenyewe inakaa katikati ya watu, si nyuma yao.

Hatua ya 6: Picha za ukutani

Onyesha ukurasa mweupe mtupu, halafu wa bluu mtupu. Doa la njano kwenye nyeupe au wingu kwenye bluu mara nyingi maana yake vioo vya ndani vimeanza kuungua, na hilo huwezi kulificha hadi siku ya makabidhiano. Piga picha moja pazia limefungwa na nyingine likiwa wazi, na useme ipi ni ipi. Kamera ya simu huongeza mwanga yenyewe, kwa hiyo picha pekee si ushahidi. Zile namba za hatua ya 5 ndizo zinazoisahihisha.

Tangazo langu la mwisho lilisomeka hivi:

"Epson EB-X05, imetumika. Lumeni 3300 kiwandani. Kwa taa ya sasa nakadiria 2200. Taa saa 2,140 kati ya 6,000, picha ya menyu ipo. Vidoti 1024 kwa 768, si Full HD. HDMI na VGA zimejaribiwa, video ya njano imejaribiwa, USB sijaijaribu. Picha ya upana wa mita 2 ukiiweka mita 3 hadi 3.5 kutoka ukutani. Inafaa darasa au chumba cha mkutano chenye urefu hadi mita 9, pazia limefungwa. Haifai mchana kwenye kibanda kinachoingiza mwanga. Kichujio kimesafishwa, rimoti ipo, begi halipo. Bei 550,000, maongezi yapo."

Kila ukiiwasha kumwonyesha mteja saa zinapanda. Aliyeinunua alikuja wiki ya pili, menyu ikasoma 2,147, na kabla hajauliza nilikuwa nimesharekebisha namba kwenye tangazo.